Kumtembelea muuzaji wa jumla Leyton

Ndugu zangu, ndizi na mihogo ya sherehe zetu inapatikana soko la New Spitalfields, Leyton, London. Soko hilo ni la usiku: biashara huanza saa sita usiku, na kukishapambazuka watu wanafunga. Kwa hiyo ukipiga simu kuomba kwenda kuona mzigo, usiridhike na "njoo tu". Uliza namba ya kibanda, geti la kuingilia, na jina na simu ya mtu wa zamu ya usiku, maana aliyekujibu mchana saa hizo kalala. Vaa kizibao cha kung'aa. Foklifti hazina subira. Usiku wa kuamkia Jumamosi treni ya Central inafika Leyton. Siku nyingine tafuteni gari.