Mgongo wa gauni: Picha ya kukisia yampa fundi la kuuliza

Mteja wa Mbagala au Tandika anapokwenda kwa fundi cherehani siku hizi hubeba kitenge mkononi na mshono ndani ya simu. Tatizo ni kwamba picha nyingi humwonyesha mvaaji kwa mbele tu. Mgongo hubaki siri, na kila mmoja huuwaza kivyake hadi siku ya kujaribu nguo, wakati kitambaa kimeshakatwa.

Programu za picha zinazotumia akili mnemba sasa zinaweza kuchora upande huo. Mteja huweka picha ya mbele, kisha huandika anachotaka: gauni hili hili kwa nyuma, mvaaji amesimama vile vile. Hata hivyo, programu haijauona mgongo wenyewe, bali inakisia. Kazi ya picha hiyo ni kuibua maswali, si kuwa kipimo cha kukatia.

Chukua mfano wa gauni la kubana lisilo na mikono wala mikanda ya begani. Picha ya nyuma inakuja ikiwa safi, haina zipu wala kifungo. Hapo fundi makini huuliza: "Dada, utaingilia wapi?" Iwapo mteja ana kifua inchi 38, kiuno 28 na nyonga 42, gauni lenye kiuno cha inchi 29 halipiti juu wala chini bila kufunguka. Ni lazima liwe na uwazi kuanzia ukingo wa juu hadi kwenye nyonga.

Swali linalofuata ni zipu ikae wapi. Ikiwa katikati ya mgongo, nyuma hukatwa vipande viwili, na ua kubwa la kitenge hupasuliwa. Ili nusu mbili zikutane, fundi husogeza kipande kimoja hadi ua lifanane, na kitambaa kinaliwa zaidi. Zipu ikiwekwa ubavuni kuanzia kwapani, mgongo hubaki kipande kimoja chenye mishono midogo ya kubana kiuno, na ua hubaki zima. Ni vyema kuomba picha zote mbili kabla ya kununua kitambaa.

Aidha, makosa ya picha hutambulika kwa macho. Mpasuo wa mguuni unaoonekana kulia kwenye picha ya mbele lazima uonekane kushoto kwenye picha ya nyuma. Ukibaki kulia, programu imeuhamishia mguu mwingine. Mshono wa kiunoni nao lazima ufike ubavuni kwa kimo kile kile pande zote mbili. Maua ya kitenge yasiaminiwe kabisa, kwani programu huyabuni upya.

Wakishakubaliana, fundi aandike kwenye daftari mahali pa zipu, urefu wake na kina cha mgongo kwa inchi, akipima mwilini kwa futi. Mkasi ufuate daftari, si picha.