Moja, Toa Nusu, Jumlisha Theluthi

Mtu akichukua kikokotoo, akaanza na 1, akatoa nusu, akajumlisha theluthi, akatoa robo, akajumlisha sehemu ya tano na kuendelea hivyo hivyo, majibu yake yatakuwa yakipanda na kushuka: 1, kisha 0.5, kisha 0.833, kisha 0.583, kisha 0.783. Kila hatua ni fupi kuliko iliyoitangulia, kwa hiyo nafasi ya kuyumba inazidi kubana. Majibu hayo yanaelekea 0.693147, namba ileile ambayo kikokotoo cha sayansi huitoa papo hapo mtu akibonyeza ln kisha 2. Hiyo ndiyo logi asilia ya 2.

Nusu, theluthi na robo zimekutana wapi na logi?

Zimekutana kwenye eneo. Kufikia katikati ya karne ya 17, wanahisabati wa Ulaya walikwisha kugundua kwamba logi hupatikana kwa kupima eneo lililo chini ya mstari fulani uliopinda. Ukichorwa mstari wa 1/(1+x), eneo lililo chini yake kutoka x = 0 hadi x = 1 ni ln 2 kamili. Kazi ikabaki kulipima. Mwaka 1668, mjini London, Nicolaus Mercator alichapisha kitabu chake Logarithmotechnia kikiwa na njia ya kufanya hivyo. Isaac Newton alikuwa ameiona njia hiyo miaka michache kabla, ila hakuwa ameichapisha.

Mercator alianza na kugawanya, kwa utaratibu uleule wa shule ya msingi. Moja ikigawanywa kwa 1+x, jibu la kwanza ni 1 na baki ni −x. Baki hiyo ikigawanywa tena, linapatikana −x na kubaki x². Kila hatua inazidisha iliyotangulia kwa −x, na huo ndio mfululizo wa jiometri. Mtu akisimama baada ya hatua nne, anakuwa na hiki:

1/(1+x) = 1 − x + x² − x³ + x⁴/(1+x)

Sasa linatafutwa eneo la kila kipande, kutoka 0 hadi 1. Chini ya 1 kuna mraba wenye eneo 1. Chini ya x kuna pembetatu, yaani nusu ya mraba huo. Chini ya x² kuna theluthi, na chini ya x³ kuna robo. Hesabu inakuwa 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4, pamoja na eneo la ile baki ya mwisho.

Baki hiyo ndiyo inayoamua kama hoja nzima inasimama. Wengi huifuta mapema na kuandika mfululizo usio na mwisho, kisha wanakwama pale x inapokuwa 1: upande wa kushoto ni nusu, na upande wa kulia ni 1 − 1 + 1 − 1, hesabu inayoruka kati ya 1 na 0 bila kutulia. Pale kwenye x = 1, ukubwa wa baki ni nusu daima, hata zikichukuliwa hatua milioni.

Lakini kinachopimwa ni eneo, si urefu wa sehemu moja. Kadiri hatua zinavyoongezeka, baki hujilaza karibu na sifuri kote na kuinuka ukingoni tu, karibu kabisa na 1. Baada ya hatua nne eneo lake haliwezi kuzidi 1/5, kwa sababu x⁴/(1+x) haizidi x⁴. Baada ya hatua 1000 halizidi 1/1001. Linaendelea kupungua kuelekea sifuri, na kinachosalia ni hiki:

ln 2 = 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + 1/5 − …

Tatizo ni mwendo wa kinyonga. Baada ya kujumlisha na kutoa sehemu 100, jibu ni 0.68817, na tarakimu ya pili baada ya nukta bado si sahihi. Ya 101 ikiongezwa, jibu linaruka hadi 0.69807. Ipo dawa rahisi: wastani wa majibu hayo mawili ni 0.69312, karibu sana na jibu lenyewe, kwa kuwa moja limepungua na jingine limezidi kwa kiasi kinachokaribiana.

Dawa kali zaidi ni kukaa mbali na ukingo. Eneo lilelile likipimwa kutoka x = −1/2 hadi 0, nalo huwa ln 2, na mfululizo wake ni 1/2 + 1/8 + 1/24 + 1/64 + 1/160 na kuendelea. Sehemu kumi tu zinatoa 0.69306. Anayetaka kujua kwa nini ln 2 imejificha ndani ya sehemu za kawaida atumie mfululizo wa kwanza; anayetaka tarakimu zake kwa haraka atumie huu wa pili.