Kumpokea Mkaguzi wa Ushuru Dukani
Sehemu ya Pili: Pesa za Benki na Mauzo ya Daftari

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza habari za ankara za eTIMS, na leo tunalikabili jambo liwatialo hofu wengi wa wenye maduka, nalo ni siku ile ambayo afisa wa Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA, akiisha kuleta barua yake, huja mwenyewe mpaka mlangoni kuyatazama madaftari na bidhaa pamoja.

Mfano wangu nautwaa Theta, wadi ya eneo bunge la Juja iliyo baina ya Ruiru na Thika, mahali ambapo mashamba ya jana yamegeuka ploti za leo na kila njia ya vumbi ina duka lake la hadwea. Duka nitakalolisema ni la kubuni, lakini hesabu zake ni za namna niliyoiona mara nyingi. Linauza saruji, mabati na misumari. Na kwa kuwa mauzo yake yamepita shilingi milioni 5 kwa mwaka, mwenyewe amesajiliwa kulipa VAT ya asilimia 16.

Kwanza kabisa na ajue mwenye duka kwamba Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 23, inamlazimu kuhifadhi nyaraka zake kwa miaka 5, ziwe katika mojawapo ya lugha rasmi za nchi, na kwa namna ambayo ushuru anaopaswa kulipa utaweza kubainika bila taabu. Maana yake ni kwamba daftari lililoandikwa kwa Kiswahili fasaha ni hati halali mbele ya mkaguzi, wala mtu asione haya kulitoa. Kifungu cha 56 nacho kinamtwika mlipa ushuru mzigo wa kuthibitisha: mkaguzi akisema umeuza zaidi ya ulivyoeleza, ni wewe utakayetakiwa kuleta dalili ya kuwa amekosea.

Na dai lake kubwa, aghalabu, hutoka benki. Mkaguzi hujumlisha pesa zote zilizoingia katika akaunti na katika tili ya M-Pesa, akazilinganisha na mauzo uliyoyatangaza, na pengo lolote akalihesabu kuwa ni mauzo yaliyofichwa. Tuseme duka letu lilitangaza kwa mwaka 2024 mauzo ya shilingi 9,200,000 kabla ya VAT. Benki imepokea 8,140,000, tili imepokea 6,300,000, jumla 14,440,000. Mwenye duka akizitazama hesabu hizi mbili hushtuka, kwa kuwa tofauti yake ni zaidi ya milioni 5. Lakini analinganisha vitu visivyolingana, kwani pesa iliyoingia mfukoni ina VAT ndani yake. Ajumlishe kwanza ile VAT ya 1,472,000, apate 10,672,000, na pengo litashuka kuwa 3,768,000.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na ni kazi ya jioni kadhaa, si ya usiku mmoja. Mwenye duka huyu ana desturi ya kuhamisha pesa za tili kwenda benki kila Ijumaa, na kwa mwaka mzima amehamisha 2,400,000. Pesa hiyo imehesabiwa mara mbili. Alikopa 800,000 katika chama chake cha akiba na mikopo, na dada yake alimtumia 350,000 za kujengea nyumba ya mama yao. Ukitoa hizo zote, linabaki pengo la 218,000.

Kila moja ya pesa hizo inataka ushahidi wa aina yake. Uhamisho wa tili huthibitika kwa kuweka taarifa ya M-Pesa kando ya taarifa ya benki, tarehe kwa tarehe na kiasi kwa kiasi. Mkopo huthibitika kwa mkataba na taarifa ya chama. Pesa ya dada ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu mtu huleta ujumbe wa simu peke yake, na ujumbe hausemi kwamba pesa ile haikuwa bei ya mabati; basi aombe mapema taarifa ya akaunti ya dada, pamoja na barua yake fupi iliyotiwa saini, na stakabadhi za ujenzi wenyewe.

Na zile 218,000 zilizosalia? Alipochunguza sana akakuta ni mauzo ya siku ambazo umeme ulikatika na ankara hazikutolewa. Hayo ni mauzo kweli, na VAT iliyomo ndani yake ni takriban shilingi 30,000. Shauri langu ni kwamba arekebishe ritani yake katika iTax kabla mkaguzi hajafika, alipe pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Lau angalinyamaza na kukosa sanadi za yale mengine, angalidaiwa kwa pengo lote, na VAT peke yake ingalizidi 519,000.

Benki, lakini, haihitaji mtu kusafiri mpaka Theta. Kinachomleta mkaguzi ni bohari. Anahesabu mifuko ya saruji iliyopo, anachukua iliyokuwapo mwanzo wa mwaka, anaongeza iliyonunuliwa, na kwa njia hiyo anajua iliyotoka. Ikiwa ilikuwapo 40, ikanunuliwa 1,600, na sasa ipo 60, basi imetoka 1,580. Ankara zikionyesha 1,420 atauliza iko wapi ile 160. Iliyopasuka na kuganda kwa mvua iandikwe siku ile ile ilipoharibika, na iliyochukuliwa kujengea nyumba ya mwenyewe iandikwe pia, maana nayo ina VAT yake.

Wapo wanaoketi usiku wa kuamkia ukaguzi wakaandika daftari jipya la mwaka mzima. Nawasihi wasithubutu. Kurasa za miezi 12 zenye wino mmoja na mwandiko usiochoka, zisizo na doa la saruji wala kosa lililofutwa, humwambia mkaguzi mzoefu habari yote kabla hajasoma tarakimu hata moja. Daftari lenye mapengo yaliyokubaliwa wazi lina heshima kuliko hilo.

Ama siku yenyewe, mwombe afisa kitambulisho chake cha kazi na barua, na ukiwa na shaka uliza ofisi ya KRA iliyoko Thika. Hilo si utovu wa adabu. Mpe meza na kiti mahali penye mwanga. Awepo mtu mmoja wa kujibu, mwenyewe au mhasibu wake, ili kijana wa dukani asiulizwe mambo ya mwaka juzi akabahatisha. Swali lijibiwe kwa kadiri lilivyoulizwa. Usilolijua sema hulijui, kisha taja siku utakayoleta jibu kwa maandishi, na ulilete siku hiyo. Toa nakala, ubaki na hati asilia, na kila kitakachochukuliwa kiandikwe katika orodha itiwe saini na pande mbili. Chai ya kunywa ni ukarimu, lakini bahasha ni jinai chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, kwa mtoaji na kwa mpokeaji.

Juma lijalo tutaisoma barua ya madai ijayo baada ya ukaguzi. Kwa leo, msomaji, iandike tarehe utakayoipokea juu ya bahasha yake, kwa maana sheria inakupa siku 30 tu za kupinga, nazo huhesabiwa tangu siku ulipoarifiwa.