Utangulizi: Jina na Mahali katika Salamu

Maamkizi yetu yanategemea macho kuliko tunavyodhani. Kabla mtu hajafungua kinywa, jicho lake limeshapima umri wa anayekuja, limejua kama ni jirani au mgeni, na limeona anamwelekea nani. Ndipo anapochagua shikamoo, hujambo au habari za asubuhi. Asiyeona hapati nafasi hiyo. Sauti inasema "Shikamoo mzee", naye anaitika marahaba, kisha anabaki akijiuliza: huyu ni nani, yuko wapi, na je, ni mimi niliyeamkiwa au kuna mzee mwingine hapa? Elimu ninayokukaribisha kuijua, ambayo walimu wa wasioona hujifunza pamoja na matumizi ya fimbo nyeupe, inaanzia kwenye maswali hayo matatu.

Tuchukue mfano. Mzee asiyeona ameketi barazani, njia ina wapita njia wengi. Binti wa jirani anamjia na kusema: "Mzee Salum, shikamoo. Mimi Asha, binti wa Fundi Rajabu. Niko kuliani kwako, hapa kwenye ngazi."

Ametanguliza jina la mzee. Penye watu, hilo ndilo linalomfanya ajue kwamba maneno yanayofuata ni yake, asije akaitikia salamu ya mwenzake. Kisha amejitaja, na hakuishia kwenye jina, kwa sababu mtaani akina Asha ni wengi. Watu hudhani asiyeona humtambua kila mtu kwa sauti. Sauti ya mtu wa nyumbani ataijua, lakini neno moja la salamu ni fupi mno, mafua huibadili sauti, na mtu uliyemzoea msikitini si rahisi kumtambua ukimsikia stendi. Ndiyo maana mchezo wa "Hebu nitaje, mimi nani?" unawachosha sana wasioona. Ni mtihani anaopewa mtu mbele za watu, na akikosea ndiye anayeaibika. Naomba tuuache kabisa.

Mwisho Asha ametaja mahali. Sikio hutambua upande kwa sababu sauti ya kuliani hufika sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto. Lakini inayotoka mbele kabisa na inayotoka nyuma kabisa hufika masikio yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo msikilizaji hulazimika kugeuza kichwa ili azitenganishe, na salamu fupi huwa imeshakwisha. Kelele za pikipiki, au mwangwi wa ukumbi mtupu, huongeza utata. Utajua umeshindwa kueleweka ukiona uso wake unaelekea pembeni yako: sema tena maneno machache ukiwa umesimama palepale, wala usipaze sauti, kwani anasikia.

Taja upande wake, si wako. Mkiwa mmetazamana, kulia kwako ni kushoto kwake. Epuka pia "pale" na "huku" bila kitu cha kushika. Vitabu vingi vya fani hii hufundisha kueleza mahali kwa uso wa saa, hasa vyakula kwenye sahani. Kwetu njia hiyo ina mtego. Saa tatu ya vitabu hivyo ni penye namba 3, kuliani, lakini saa tatu yetu ya asubuhi mshale huwa kwenye namba 9, kushotoni. Kwa hiyo patana naye kwanza kwamba unataja namba, au sema tu: "Mchuzi uko kushoto, wali uko karibu nawe."

Mkono nao unahitaji neno. Ukiunyoosha kimya utabaki hewani; sema "Naomba mkono, mzee", naye atautoa. Usimkamate wala usimvute. Akitaka kuongozwa, gusa mkono wake kwa mkono wako, naye atashika mkono wako juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yako, hivi kwamba mwili wako unamwarifu kona na kusimama kabla hajafika. Kwenye ngazi, simama na useme kama inapanda au inashuka.

Ukiondoka, aga. Kumwacha mtu akizungumza na kiti kitupu ni kumdhalilisha, hata kama hukukusudia.

Kiasi cha maelezo hubadilika. Ndani ya nyumba moja hakuna haja ya kujitaja kila mara. Na wengi wanaoitwa vipofu wana uoni kiasi: mtu kama huyo anaweza kuona umbo lako asione uso, hasa ukisimama na dirisha nyuma yako. Jitaje, kisha sogea hadi mwanga uangukie usoni pako.