Kikohozi, Kohozi na Homa: Jinsi Mashine Inavyotafuta Maneno Mengi kwa Kusoma Mara Moja

Hospitali inapotaka kuwatambua wagonjwa wanaostahili kupimwa kifua kikuu, mahali pa kuanzia ni maelezo ambayo madaktari na wauguzi wamekwisha kuyaandika. Yanayotafutwa ni maneno kama kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Ukiyaongezea majina ya dawa na namna mbalimbali za kuandika jambo lilelile, orodha hufikia mamia ya maneno. Kulisoma kila faili upya kwa ajili ya kila neno ni kazi ya bure. Njia ya kulisoma mara moja tu ilichapishwa mwaka 1975 na Alfred Aho na Margaret Corasick wa Maabara za Bell, na kusudi lao la awali lilikuwa kuharakisha upekuzi wa orodha za vitabu na makala.

Tuchukue maneno matatu: kikohozi, kohozi na homa. Kwanza maneno hupangwa kuwa mti wa herufi. Kutoka kwenye shina hutoka matawi mawili, la k na la h. Kikohozi na kohozi huanza na k, hivyo hushirikiana tawi hilo, kisha huachana: moja huenda kwenye i, jingine kwenye o. Kila herufi ni kituo, na kituo ambacho neno hukamilikia hutiwa alama.

Mti peke yake hautoshi. Tuseme karani aliyechoka ameandika “kikikohozi”. Mashine inasoma k, i, k, na imefika kituo cha “kik”. Herufi inayofuata ni i, lakini hapo hakuna tawi la i. Kama ingerudi shinani na kuendelea mbele, ingeanza upya kwenye k inayofuata, ikasoma k, o, h, o, z, i, na kutoa taarifa ya kohozi bila kikohozi. Dalili ambayo ilikuwa ndiyo sababu ya kupekua ingepotea.

Kwa hiyo kila kituo hupewa njia ya kurudi. Huelekea kwenye mwisho mrefu kuliko yote wa herufi zilizokwisha kusomwa ambao pia ni mwanzo wa neno fulani katika orodha. Mwisho wa “kik” unaofaa ni “k”. Basi mashine hurudi kwenye “k”, hulikuta tawi la i, nayo huendelea hadi kikohozi kizima. Tazama kwamba haikurudi nyuma hata herufi moja katika maandishi. Ilihama ndani ya mti tu. Njia hizi huandaliwa kabla ya upekuzi, ngazi kwa ngazi kutoka shinani, kwa kuwa njia ya kituo cha mbali hutokana na zile za vituo vya karibu.

Kila herufi inayosomwa huishusha mashine ngazi moja tu, na kila kurudi huipandisha walau ngazi moja. Kwa hiyo jumla ya kurudi haiwezi kuzidi idadi ya herufi zilizosomwa, hata orodha ikiwa ndefu namna gani.

Ipo hatua moja ambayo watengenezaji huisahau. Mashine ifikapo mwisho wa kikohozi, njia ya kurudi huelekea mwisho wa kohozi, ambalo nalo ni neno la orodha. Yote mawili hayana budi kutangazwa. Anayetaka kujua kama programu yake imeisahau hatua hii aijaribu kwa neno “kikohozi” pekee: ikileta jibu moja, ina kasoro.

Lakini hapo ndipo tabibu anapoanza kuuliza. Mgonjwa aliyeandikiwa “kikohozi kikavu” sasa ameorodheshwa kuwa ana kohozi! Vilevile “maumivu ya kuchoma kifuani” huleta homa, kwa sababu herufi h, o, m, a zimo ndani ya “kuchoma”. Mashine haikukosea, iliambiwa itafute herufi, nayo imezipata. Dawa ni kukagua, baada ya kila jibu, kama kabla na baada yake pana nafasi au alama ya uandishi.

Hata hivyo, kwa Kiswahili kanuni hiyo haiwezi kutumika kwa kila neno. Tukiongeza “kohoa”, tunataka lipatikane ndani ya anakohoa, alikohoa na kukohoa. Tukidai nafasi mbele yake tutawakosa wagonjwa wengi. Kwa maoni yangu, kila neno liandikwe pamoja na sharti lake: homa na kohozi yasimame peke yake, kohoa liruhusiwe kubeba viambishi. Uamuzi huo ufanywe na mhudumu anayejua jinsi wenzake wanavyoandika, si na fundi wa kompyuta pekee.

Mashine hii haielewi ukanushi. “Hana homa” na “ana homa” kwake ni homa zote mbili. Kwa sababu hiyo jibu lionyeshwe pamoja na sentensi yake nzima, ili muuguzi aisome kabla ya mgonjwa kupigiwa simu aje kutoa kohozi.