Maporomoko au Mizunguko Mifupi: Kupanga Kamusi ya Kielektroniki

Winston Royce, ambaye makala yake ya 1970 huhesabiwa kuwa chimbuko la mpango wa maporomoko, alionya humo humo kwamba kuacha majaribio hadi mwishoni ni hatari. Tuchukue timu ya watu wanne inayoanza kamusi ya kielektroniki ya Kiswahili. Muundo wa vidahizo uamuliwe kwanza: je, "pigana" ijitegemee au iingie chini ya "piga"? Kuubadili baada ya kuingiza maelfu ya maneno ni kuanza upya. Sehemu ya utafutaji, kwa upande wake, ijengwe kwa mizunguko ya wiki mbili mbili. Mtumiaji akiandika "walipigana" asipate kitu, kasoro hubainika ingali rahisi kurekebishwa. Mkataba wa ufadhili unaodai maelezo kamili ya kila kitu mapema unafaa vidahizo tu.