Kiuno cha juu kwa nani?

Suruali ileile yaweza kumfika mwanamke mmoja chini ya mbavu na kumwishia mwenzake chini ya kitovu, ingawa wana urefu mmoja na saizi moja. Sababu ni kipimo ambacho wanunuzi wengi hawakiulizi: umbali kutoka mshono wa msamba hadi ukingo wa juu wa suruali, upande wa mbele. Kwa suruali za kike, kiuno cha chini huwa na takriban sentimita 20, cha kati 25, cha juu 28 hadi 30. Upande wa nyuma huzidi kwa sentimita kumi hivi, maana makalio nayo yanahitaji kitambaa.

Kwa hiyo lebo inaeleza suruali tu. Mwili haimo.

Chukua wanawake wawili wa sentimita 162. Wa kwanza ana kiwiliwili kifupi na miguu mirefu. Futi ikipitishwa kutoka msamba hadi kitovuni inasoma 24. Wa pili, mwenye kiwiliwili kirefu, anasoma 30. Suruali ya sentimita 25, inayouzwa kama ya kiuno cha kati, kwa wa kwanza inapita kitovu, yaani kwake ni ya juu tayari. Akivaa ya 30, ukingo unakaribia mbavu. Akiketi, kitambaa kinakosa pa kwenda: kinajikunja tumboni na kumbana, na kifua kinaonekana kama kimeanzia kwenye zipu.

Kwa wa pili, hiyo ya 30 ndiyo inatulia kitovuni, na miguu yake inaonekana mirefu zaidi. Ya 20 inamwachia sentimita kumi chini ya kitovu. Akiinama, mgongo uko wazi. Akisimama, kiwiliwili kinazidi kurefuka na miguu kufupika. Mwenye kiwiliwili kifupi, kinyume chake, huivaa ya 20 bila taabu, kwani inampa nafasi kati ya mbavu na nyonga. (Mlegezo wa vijana ni jambo jingine: hapo suruali ya kawaida imeshushwa tu.)

Mitindo haijali tofauti hizi. Alexander McQueen alionyesha suruali zake za kiuno cha chini kabisa London mwaka 1993, na miaka ya 2000 maduka yakajaa kiuno cha chini, wa kiwiliwili kirefu wakahangaika na fulana fupi. Zilipokuja za juu, ikawa zamu ya wengine.

Penye mitumba, kama Karume au Gikomba, lebo mara nyingi imefutika, hivyo futi ndiyo ya kuaminiwa. Ukivaa, tazama msamba: mistari inayovutwa kutoka hapo kwenda mapajani ni dalili mojawapo kwamba suruali ni fupi, kitambaa kinachoning'inia, kwamba ni ndefu. Iliyo ndefu, fundi anaweza kubandua ukingo wa kiuno, kukata na kuurudisha. Iliyo fupi ni ngumu kuokoa, kwa sababu juu hakuna akiba ya kitambaa.